Mwekezaji anataka tulipe ada ya wakili kabla ya kutupatia mtaji

Ndugu Mshauri,

Mimi na mwenzangu tuna kampuni changa hapa Morogoro. Tunakusanya mboga kwa wakulima wa Mgeta na kuziuza kwa hoteli na maduka ya Dar es Salaam kupitia programu ya simu tuliyoitengeneza wenyewe. Mtu aliyejitambulisha kuwa mkurugenzi wa mfuko wa uwekezaji ulioko DIFC, kituo cha fedha cha Dubai, alitutafuta mtandaoni. Tulizungumza naye kwa simu ya video, ingawa kamera yake haikuwaka. Alisema mtandao wa hotelini ulikuwa dhaifu. Tulimpelekea hesabu zetu, nakala za pasipoti na taarifa ya benki. Akatuletea mkataba wa kurasa 14: dola 150,000 kwa asilimia 15 ya hisa. Tumeusaini.

Tulikwisha kulipa dola 250 za uhakiki wa kampuni, kwa kadi ya benki, kwenye ukurasa wa malipo aliotutumia. Sasa anataka dola 1,850 za wakili wa London ambaye, kwa maelezo yake, ndiye atakayeidhinisha fedha zitoke. Ametutumia picha ya hati ya SWIFT, MT103, kuonyesha kwamba fedha zimekwisha kutumwa ila zimezuiwa mpaka ada ilipwe, na mwisho ni Ijumaa. Ofisi ya wakili huyo nimeitafuta, nayo imesajiliwa kweli Uingereza. Nilipouliza kwa nini ada isikatwe kwenye huo huo mtaji, alijibu kwamba sheria za kuzuia utakatishaji fedha haziruhusu.

Mwenzangu amejaza fomu ya mkopo wa SACCOS ili tulipe. Mimi nasita, lakini naogopa nisije nikawa ndiye niliyeifukuza riziki. Je, tulipe?

Mwanzilishi, Morogoro

*

Ndugu wa Morogoro,

Msilipe, na mwenzako aisimamishe hiyo fomu leo. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu naona kwamba kazi uliyo nayo si ya kujiridhisha wewe mwenyewe tu, bali pia ya kumridhisha mwenzako, naye hataridhishwa na neno "utapeli" likitajwa bila hoja.

Tuanze na jambo linalofanya hadithi ya huyu bwana iingie akilini. Gharama za mawakili katika uwekezaji zipo kweli, na si ajabu kampuni inayopokea mtaji kuchangia gharama za wakili wa mwekezaji. Mtu aliyewahi kusikia hayo akiambiwa kuna ada ya wakili hashtuki. Kinachotofautisha uwekezaji wa kweli na huu wenu ni wakati ambapo ada inalipwa na mahali inapotoka. Kwa kawaida barua ya masharti, ile inayotangulia mkataba wenyewe, hutaja kwamba kampuni itachangia gharama za wakili wa mwekezaji kwa kiasi kisichozidi kikomo fulani, na mchango huo hukatwa siku ya kukamilisha muamala, kutoka kwenye fedha zinazoingia. Tuseme mmekubaliana dola 150,000 na mchango wenu ni dola 1,850: akaunti ya kampuni ingepokea dola 148,150, mkataba ungeeleza kwamba hisa zimelipiwa zote, na hati ya makato ingeambatanishwa. Uwekezaji usipofika mwisho, kila upande kwa kawaida humlipa wakili wake. Mwekezaji makini hana sababu ya kuidai dola 1,850 kutoka kwa kampuni ambayo yeye mwenyewe ameiona katika taarifa ya benki kwamba haina fedha, maana kutokuwa nazo ndiko kulikomleta.

Ile hoja ya utakatishaji fedha haina msingi wowote. Sheria za aina hiyo, pamoja na ile ya Tanzania ya mwaka 2006, zinahusu fedha zimetoka wapi, ni za nani na zinakwenda kufanya nini. Mzigo wa kuuliza hayo unabebwa na benki na taasisi nyingine zilizotajwa na sheria. Benki yenu ikipokea dola 150,000 kutoka nje itawaita, itataka mkataba wa uwekezaji, maazimio ya bodi na maelezo ya mtumaji, na pengine itawachosha kwa maswali. Lakini haitawatuma mkamlipe mtu wa tatu. Hakuna sheria ya utakatishaji fedha inayosema kwamba gharama halali zisikatwe kwenye fedha halali. Kama kuna kitu ambacho sheria hizo zingekitilia shaka, ni hicho anachokitaka yeye: fedha zivuke mpaka kwenda kwa mtu msiyemfahamu, kwa kazi ambayo hamkuiagiza.

Hapo nakuomba umtazame huyo wakili kwa karibu. Jiulize yeye ni wakili wa nani. Wakili wenu ni yule mliyemchagua, mkakubaliana naye kwa maandishi kazi gani ataifanya na kwa bei gani, na ambaye ana wajibu wa kulinda maslahi yenu. Huyu wa London mmeletewa na mtu ambaye mnapaswa kulindwa dhidi yake, na sidhani kama mna barua yoyote inayowatambua kama wateja wake. Kama ni wakili wa mwekezaji, ankara aipeleke kwa mwekezaji. Kama ni mtunzaji wa fedha kwa niaba ya pande zote mbili, pangekuwa na mkataba wa utunzaji wenye saini tatu, unaoeleza fedha zinatoka kwa sharti gani, na ada yake ingetoka katika fedha anazozitunza.

Umefanya vizuri kuitafuta ofisi hiyo, ila ulichokipata ni kidogo kuliko unavyodhani. Companies House, msajili wa kampuni wa Uingereza, husajili kampuni kwa ada ndogo. Kwa miaka mingi hadi 2024 usajili wa mtandaoni uligharimu pauni 12 tu, na katika miaka hiyo msajili hakuwa na kawaida ya kuhakiki kwamba waliotajwa ndio kweli. Zaidi ya hayo, matapeli hupenda kutumia jina la ofisi halisi ya mawakili, wakatengeneza tovuti inayofanana na yake na kubadilisha herufi moja katika anwani. Kwa hiyo ofisi inaweza kuwa halisi kabisa, na anayekuandikia akawa hana uhusiano nayo hata kidogo.

Njia ya kujua ni hii. Mawakili wa Uingereza na Wales wana rejesta ya wazi inayotunzwa na msimamizi wao, anayejulikana kwa herufi SRA. Mtafute humo wakili kwa jina, kisha chukua namba ya simu ya ofisi kutoka kwenye rejesta hiyo, si kutoka kwenye ankara wala kwenye tovuti uliyotumiwa, upige na uulize kama wana muamala wa kampuni yenu. SRA pia hutoa matangazo ya tahadhari kuhusu ofisi na mawakili bandia, na jina unalolitafuta linaweza kuwamo. Kisha rudi kwenye ankara, usome mstari wa jina la akaunti, ambao mara nyingi mtu huuruka kwa sababu macho yanakimbilia kiasi. Wakili wa Uingereza anayeshika fedha za watu huzipokea katika akaunti ya wateja yenye jina la ofisi yake. Ukikuta jina la mtu binafsi, au la kampuni ya biashara ya jumla iliyoko nchi nyingine, au maelekezo ya kulipa kwa sarafu ya kidijitali kama USDT, hapo huna haja hata ya kupiga simu.

Kwa mfuko wenyewe fanya vivyo hivyo. Kampuni zinazotoa huduma za fedha ndani ya DIFC husimamiwa na DFSA, ambayo ina rejesta ya wazi na hutoa tahadhari kuhusu watu wanaolitumia jina lake au majina ya kampuni inazozisimamia. Usiishie kuona kwamba jina la mfuko limo. Linganisha anwani ya barua pepe inayokuandikia, herufi kwa herufi, na ile ya tovuti halisi ya mfuko huo, kisha uwaandikie wao moja kwa moja uulize kama huyo mkurugenzi ni wao.

Sasa hiyo picha ya MT103, ambayo nadhani ndiyo iliyomvutia zaidi mwenzako. MT103 ni ujumbe ambao benki moja huupelekea benki nyingine ikiiagiza imlipe mtu fulani. Hauna uzito ukiwa picha kwenye simu, kwa sababu maandishi yake ni ya kawaida na mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuyapanga yakafanana. Isitoshe, ni aina ya ujumbe ambayo benki zilikuwa zikiiacha na kuhamia mfumo wa ISO 20022, na kipindi cha kuitumia pamoja na mfumo mpya kwa malipo ya kuvuka mipaka kilimalizika Novemba 2025. Lakini hati hiyo, hata ikiwa ya kughushi, inakusaidia kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni namba ya ufuatiliaji. Malipo ya SWIFT hubeba namba inayoitwa UETR, yenye herufi na tarakimu pamoja na vistari, jumla alama 36, zikiwa katika mafungu matano. Iombe, au itafute kwenye picha, uipeleke benki yenu ukamwone ofisa wa malipo ya nje, umwombe aangalie kama kuna malipo yoyote yanayowahusu chini ya namba hiyo. Kama fedha zimekwama kweli mahali, benki inao uwezo wa kuulizia. Mkikuta picha haina namba, au ina namba isiyotambulika, au bwana huyo akikataa benki yenu ihusishwe, jibu mmelipata.

Namna ya pili ni sehemu ya gharama. Katika ujumbe huo kuna sehemu iliyoandikwa 71A, na ndani yake huwekwa neno moja kati ya matatu: OUR, kwamba mtumaji anabeba gharama zote, SHA, kwamba zinagawanywa, na BEN, kwamba mpokeaji anabeba. Tazama hasa hilo la mwisho. Hata pale mpokeaji anapotakiwa kubeba gharama zote za kuhamisha fedha, benki hukata kwenye kiasi kinachokuja na kumpa kinachobaki. Mfumo mzima wa malipo ya kimataifa umejengwa kwa namna ambayo mpokeaji hatakiwi kutoa chochote mfukoni ili apokee. Mwonyeshe mwenzako sehemu hiyo kwenye picha hiyo hiyo anayoiamini.

Kama bado anabisha, mwandikieni mwekezaji maneno machache tu, bila kumtuhumu: "Tumeshauriana na wakili wetu. Tuko tayari kuchangia dola 1,850 za gharama za kisheria, zikatwe kwenye mtaji siku ya kukamilisha muamala. Tafadhali tutumie UETR ili benki yetu ifuatilie malipo." Mwekezaji wa kweli anaweza kujadiliana, anaweza hata kukasirika, lakini halitakuwa kwake jambo lisilowezekana. Tapeli hujibu kwa mojawapo ya njia chache zinazofahamika: ataongeza haraka, atatishia kuipa kampuni nyingine nafasi yenu, au, na hili ndilo la kuliangalia kwa makini, atajitolea kulipa nusu ya ada ili ninyi mlipe dola 925. Ukarimu huo huwapumbaza wengi. Ada iliyowekwa na wakili kwa mujibu wa sheria, na ambayo haiwezi kukatwa kwenye mtaji kwa mujibu wa sheria, imewezaje kugawanywa kwa dakika tano za mazungumzo ya WhatsApp?

Mkilipa, hiyo haitakuwa ada ya mwisho. Tayari mmeona mpangilio: dola 250 kwanza, sasa 1,850, yaani zaidi ya mara saba. Inayofuata kwa kawaida huitwa cheti cha kuzuia utakatishaji fedha, ambacho hakuna mamlaka humuuzia mpokeaji kwa ajili ya malipo mamoja. Baada yake huja kodi ya nchi ambamo fedha zimekwama, kisha bima ya uhamisho. Pengine mtapewa nywila ya kuingia katika tovuti ya benki, ambamo mtaona dola 150,000 zikisubiri kwa jina la kampuni yenu, na kitufe cha kuhamisha kisichofanya kazi mpaka mlipe. Kila ada hudaiwa kwa hoja kwamba zilizotangulia zitapotea. Na wakitaja ada ya Serikali yetu, kumbukeni kwamba malipo ya BRELA na taasisi nyingine za Serikali hulipwa kwa kontrol namba, si kwa akaunti ya wakili wa mtu.

Kuhusu dola 250, kwa kuwa mlilipa kwa kadi, mna nafasi ambayo mtu aliyetuma kwa benki au kwa wakala wa fedha hana. Nendeni kwenye tawi lenu, mjaze fomu ya kupinga muamala kwa sababu ya huduma iliyolipiwa isiyotolewa, mkiambatisha mazungumzo na risiti. Mitandao ya kadi kwa kawaida hutoa muda wa siku 120, lakini benki yenu inaweza kuwa na muda mfupi zaidi, kwa hiyo msingoje. Siahidi kwamba zitarudi, kwa sababu aliyepokea anaweza kutoa ripoti ya uongo ya uhakiki na kudai kwamba kazi ilifanyika. Hata hivyo kadi yenyewe ifungwe na mpewe nyingine, maana namba zake ziliingizwa katika ukurasa wa bwana huyo.

Nyaraka mlizotuma zinanisumbua zaidi kuliko hizo dola 250. Mtu mwenye pasipoti zenu na taarifa ya benki anaweza kujifanya ninyi mbele ya mtu mwingine. Waarifuni benki kwa maandishi, badilisheni nywila za barua pepe na za akaunti yenu ya BRELA, na ikiwa siku moja fedha msizozitarajia zitaingia katika akaunti ya kampuni, kisha bwana huyo akawaomba mzipeleke mbele kwa "mwekezaji mwenza", msiziguse, iambieni benki. Fedha hizo huwa zimeibwa kwa mtu mwingine, na akaunti yenu inatumiwa kuzipitisha. Hapo ndipo sheria ya utakatishaji, aliyoitaja kwa uongo, ingewahusu ninyi kwa kweli.

Mkataba mlioufunga usiwatishe. Baadhi ya matapeli, wakinyimwa ada, hutuma barua kali ya kudai fidia kwa kuvunja makubaliano. Msiijibu; mpelekeni wakili hapa Tanzania barua hiyo pamoja na kurasa zote 14, na kabla hamjamlipa mhakikini katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Mwambieni asome hasa vifungu vinavyohusu utoaji wa hisa. Mtaji haujaingia, kwa hiyo msipitishe azimio la bodi la kugawa hisa wala msiwasilishe chochote BRELA kwa jina la huyo mwekezaji.

Kisha nendeni kituo cha polisi mkaandikishe malalamiko na kuchukua RB. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ingawa kumpata mtu aliyeko nje ni kazi ngumu, RB hiyo itasaidia kwenye fomu ya kadi, na itakuwa kumbukumbu yenu iwapo pasipoti zenu zitatumiwa vibaya. Hifadhini mazungumzo yote kabla hamjamzuia, pamoja na anwani kamili ya ukurasa wa malipo, kwa sababu kurasa hizo hufungwa upesi. Na baadaye akitokea mtu anayejiita wakala wa kurejesha fedha zilizotapeliwa, akijua majina yenu na kiasi halisi mlichopoteza, akitaka ada ndogo ili aanze kazi, mjue kwamba taarifa hizo amezipata kwa yule yule wa kwanza, au ndiye yeye.

Limebaki la SACCOS. Kama fomu haijafika kwenye kamati ya mikopo, mwenzako aandike barua ya kuiondoa. Kama imekwisha kupitishwa lakini fedha hazijatoka, bado anaweza kuomba isitolewe, nawe uende naye siku hiyo. Muulize pia ni nani waliomdhamini. Mkopo huo ukishindwa kulipwa, watakaodaiwa baada yake ni wadhamini, nao wana haki ya kuambiwa kabla ya Ijumaa fedha hizo zilikuwa zinakwenda wapi.